Kope za Mama wa Bi Harusi

Ule mwaka wa kuelekea uhuru, Changamwe nzima ilitaka kupigwa picha. Wafanyakazi wa matangi ya mafuta walikuja na tai za kuazima, wachuuzi wakaja na redio zao wazishike mapajani, na kila mmoja alitaka atoke na uso wa mtu mwenye nchi yake. Katika studio yetu mume wangu alipiga na kuchapa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, meza yangu chini ya dirisha, nikizimalizia picha kwa brashi: naziba vidoa vyeupe, napunguza makunyanzi, natia wekundu midomoni. Wanawake wasiotaka kusimama mbele ya mwanamume niliwapiga mimi mwenyewe. Nilikuwa najiona bingwa, tena sikujificha.

Basi siku moja wakaingia ajuza na mjukuu wake, wametoka Mtopanga, wote wawili wana vumbi hadi kwenye nyusi. Nikawaamkia, nikawapa maji. Ajuza akafungua pindo la leso akatoa kipicha kidogo, hakizidi kisanduku cha kiberiti. Kilikuwa cha mwanamke kijana aliyepaka wanja mwingi.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Alifariki huyu mtoto bado yuwanyonya. Sasa mtoto yuwaolewa Ijumaa, ataka picha kubwa ya mamake aende nayo kwa mumewe."

Msichana akasogea. Akanishika mkono. "Mimi simjui, dada. Sikumbuki hata sauti. Huyo utakayemtia kwenye picha ndiye atakayekuwa mama yangu, maana sina mwingine."

Nikaapa wallahi atampata. Ajuza akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Angalia kope tu. Mwanangu alijulikana kwa kope. Akiinama, kivuli chazo chaonekana shavuni."

Mume wangu akakipiga picha kile kipicha, akaikuza. Ilipokauka niliitazama. Uso ulikuwa mzuri, laini kama unaoonekana kupitia chandarua, lakini kope hazikuwapo kabisa. Kukuza kulikuwa kumezimeza, na kilichobaki kikafunikwa na ule wanja. Macho yalikuwa mistari miwili mizito myeusi. Sikuogopa. Nilifurahi! Nilikunja mikono ya gauni nikasema leo watanijua.

Sasa lazima niseme kwamba kabla ya brashi za picha mimi nilikuwa mpakaji hina. Tangu usichana nimepaka mikono ya maharusi Likoni yote, na sifa ya mpakaji hina ni mstari usiotetereka, unene wake uwe ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wangu haukujua mstari mwingine. Nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi nikashusha kope, moja baada ya moja, zote zimenyooka, zote urefu mmoja, zimepangana kama meno ya kitana. Nilipoona bado ni chache nikaongeza nyingine katikati. Nikaona zimejaa, nikawaita.

Ajuza aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. "Mbona umemtia mwanangu tandu machoni?"

Niliwaka. Nilitaka kumwambia kazi hii haijui. Lakini nilipoitazama tena, tandu nilimwona, na miguu yake yote. Msichana alikuwa akiitazama picha vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha wenyewe, akageuza uso. Hapo hasira zikanitoka zote, nikabaki na aibu.

Kufuta hakukuwezekana, rangi ilikuwa imeshazama kwenye karatasi. Mume wangu akasema karatasi kubwa isiyong'aa, ile inayokubali brashi, imebaki moja tu, na meli ya kuleta nyingine haijulikani itafika lini. Ijumaa haingoji meli. Akaichapa hiyo ya mwisho, akaniwekea mezani, akarudi kwenye kazi yake. Afadhali angenigombeza.

"Bibi," nikamwambia ajuza, "kope za marehemu zilikuwa vipi hasa?"

"Nitakwambiaje?" akaninong'oneza. "Si hizo hapo, usoni kwa mjukuu wangu."

Nikamvuta msichana hadi dirishani bila kumwambia sababu. Nikamwambia afumbe macho, afumbue, atazame chini, atazame kando. Na mimi, niliyechora macho ya nusu ya Changamwe, ndiyo kwanza nikaziona kope! Hakuna iliyosimama peke yake. Zaegemeana mbili tatu, vichwa vimekutana, kisha nafasi, kisha nyingine. Kila moja ni nene pale inapoota na mwisho wake huuoni unapoishia. Zile za pembe ya nje ni ndefu na zimelala, za karibu na pua ni fupi. Na unene wote ule uko kwenye mizizi, pale ukingoni mwa kigubiko cha jicho. Kule juu kuna hewa tupu. Nikamwambia msichana asiondoke.

Safari hii nilizimua rangi kwa maji hadi ikawa kijivu. Nikapitisha pamba yenye unyevu kidogo juu ya jicho, ili mstari usiwe mkali kuliko picha yenyewe, maana picha laini na kope kali haziwezi kuwa za mtu mmoja. Nikaifuta brashi kwenye karatasi ya kukaushia wino hadi ikakaribia kukauka, nikaijaribu kwenye ukingo mweupe wa picha. Kisha nikaipindua picha, kichwa chini miguu juu, mkono upate kuvuta kuelekea kwangu. Nikaiweka ncha kwenye wanja, nikaikandamiza kidogo, nikavuta kwa mpinde, na nikaiinua mkono ukiwa bado unakwenda. Kope ikaishia hewani.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaenda nyingine, ikaiegemea ya kwanza. Nikaruka nafasi. Ule wanja niliouona adui ukawa ndio mizizi: nilichofanya ni kuukoleza hapa na pale, kuuvunja ukingo wake usiwe mstari. Nilipotaka zijae sikuongeza kope, niliongeza giza chini. Za chini ya jicho nilizigusa tu, chache, kijivu hafifu. Mkono ukanishawishi niongeze moja, moja tu. Nikaiweka brashi mbali nikaikalia mikono yangu.

Ajuza aliipokea picha akaishika kwa mikono miwili. Hakutaja kope. Akaiambia ile picha, "Haya. Umefika mwanangu," akaketi.

Msichana aliitazama, akainua uso kwenye kioo cha wateja pale ukutani, akarudi kwenye picha. Akainamisha kichwa, akatazama kwenye kioo kama kope zake zatia kivuli shavuni. Zatia.

"Maisha yangu yote naambiwa nimefanana na watu wa baba," akasema, na sauti ikampasuka. "Kumbe macho ni yake. Dada, ulijuaje?"

Ajuza aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilikuwa na jibu, lilikuwa jepesi, na lilikuwa kweli: nimeziiga zake mwenyewe. Nikaanza kutafuta karatasi ya kuifungia picha.