Kamera Chini, Usawa wa Soli

Kazi yangu, ukiwatajia watu wazima wa nyumbani kwetu, inasikika kama utapeli. Nakaa Mbeya, kwenye chumba chenye dirisha moja, naiandikia programu ya akili mnemba maneno, nayo inanitengenezea picha za bidhaa za watu. Sabuni, kahawa, asali. Mwenye bidhaa ananitumia picha aliyoipiga kwa simu juu ya kitanda chake, mto ukionekana pembeni, na mimi naiambia mashine iihamishie bidhaa hiyo mahali pa heshima. Nina hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha kama mteja kuniambia, "Si unabonyeza tu?"

Habonyezi mtu kitu. Pale hakuna kamera wala lenzi, lakini mashine inayatii maneno ya kamera kana kwamba kuna mpiga picha mle ndani, amepiga goti, anasubiri aambiwe asimame wapi. Nakumbuka chupa ya asali ya Chunya iliyonifundisha. Niliandika lenzi pana, milimita ishirini na nne, kamera karibu; chupa ikaja imevimba tumbo, shingo imekonda, kama mtu aliyejitazama kwenye kijiko. Nikabadilisha maneno machache tu: milimita themanini na tano, kamera kwenye usawa wa tumbo la chupa, imegeuzwa kidogo upande. Chupa ikasimama wima, ina uzito, ina mwanga ndani yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeogopa, kusema kweli, kwamba maneno mawili matatu yanaweza kufanya vile.

Hiyo ndiyo picha kuu, ile ambayo mnunuzi anaikuta kwanza na ambayo inabeba bidhaa moja kama mgeni rasmi. Ipo na nyingine, picha ya kutandaza: vitu vinalazwa mezani, kamera inatazama kutoka juu moja kwa moja, digrii tisini. Hapo hutaji ukungu wa nyuma, kwa sababu nyuma hakuna. Kila kitu kiko umbali karibu sawa na kamera, na kila kitu kinatakiwa kionekane. Anayechanganya maneno ya picha hizi mbili anapata kituko. Mimi sikuwahi kuyachanganya, na nilikuwa najivuna kwa hilo.

Kisha fundi wangu wa viatu akanipigia simu kutoka Iringa.

Lazima niseme hapa kwamba mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita nne. Nilianguka nikiwa mdogo, nyonga ikaharibika, na tangu darasa la tatu fundi huyo ndiye anayenitengenezea viatu, cha kushoto kikiwa kimeinuliwa soli. Sasa kliniki moja ya mazoezi tiba pale Iringa ilikuwa inatafuta fundi wa kupelekewa wagonjwa wake. Walimwomba picha mbili, moja kuu na moja ya kuonyesha kazi inavyotengenezwa, wazitazame kabla ya kuamua. Fundi alikuwa na wateja wanne tu waliobaki, mimi nikiwa mmoja wao. Kliniki ikimkataa, angefunga kibanda arudi kulima.

"Mwanangu, mimi najua kizuri chajiuza," aliniambia. "Ila hiki changu kimekaa kabatini muda mrefu."

Nilikwenda Iringa. Kibanda chake kiko karibu na soko, mlango mmoja, sakafu ya saruji, harufu ya gundi na ngozi. "Kamwene," akanisalimia, nami nikamjibu vivyo hivyo, kisha macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye miguu yangu, kama kawaida yake. Alikuwa amemaliza jozi yangu mpya ya ngozi ya kahawia. Tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo itakayopigwa.

Niliipiga kwa simu, nikafungua kompyuta, nikaandika. Na hapa ndipo nilipokosea. Mimi niliyekuwa najivuna, nilichagua pembe ya kutandaza kwa ajili ya picha kuu. Kutoka juu moja kwa moja, kamera mbali, milimita hamsini, mwanga laini, mbao safi. Kama kamera ingekuwa karibu, kiatu kilichoinuliwa kingeonekana kikubwa kidogo kwa kuwa kiko jirani zaidi na lenzi. Hilo nalijua vizuri. Ndiyo maana niliandika mbali.

Picha ikaja, na viatu vyangu vilikuwa sawa.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na sikuwahi kuona viatu vyangu viwili vikiwa sawa. Kamba sawa, pua sawa, visigino vimelingana kama vya mtu yeyote anayepita barabarani. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Fundi alikuwa anasaga soli upande wa pili, hakuona. Nikaituma kliniki palepale bila kumwonyesha, nikamwambia tu tayari.

Jibu lilikuja mchana uleule kutoka kwa mtaalamu wao wa mazoezi. Fundi alivaa miwani akalisoma kwa sauti kwenye simu yake, neno kwa neno: "Viatu vizuri sana. Vya kuinua viko wapi?"

Akashusha simu. "Naomba nione ulichotuma."

Nikamwonyesha. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Umenifichia kazi," alisema.

Niliona haya nikawa mkali. Nikamwambia picha ile ni nzuri, kwamba watu hawapendi kuonyeshwa kilema. Akasema, "Nani alitaja kilema? Mimi natengeneza soli." Nikageukia kompyuta nianze upya.

Safari hii niliandika ya picha kuu kweli: jozi moja, robo tatu ya upande, milimita themanini na tano, kamera chini kwenye usawa wa soli, tundu la lenzi f/8 ili kiatu cha nyuma kisizame kwenye ukungu. Maneno yote yalikuwa sahihi. Mashine ikanipa jozi nzuri sana, yenye soli zinazolingana. Nikaandika wazi kwamba soli ya kushoto ni nene zaidi. Ikainua zote mbili. Nikaandika tena, ikaweka kisigino kirefu cha kwendea harusini. Nilipiga meza.

Fundi alikuwa amesogea nyuma yangu. "Inaona aibu kama wewe," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nilitaka kukasirika lakini alikuwa amesema kweli. Mashine imejifunza kutokana na mamilioni ya picha za viatu, na karibu katika zote jozi ni sawa. Kwa hiyo ikikutana na yangu inaisahihisha. Inadhani inanisaidia. Na hata kama ningeilazimisha mpaka itoe kitu kinachofanana, kingekuwa kiatu ambacho hakuna aliyekishona, na wataalamu wale wangepima kwa macho urefu ambao haupo.

"Basi," nikamwambia, "tutayatii sisi wenyewe hayo maneno ya kamera."

Nilianza vibaya. Niliinama na simu karibu na kiatu, kwa lenzi ile ya kawaida ambayo ni pana, na soli ikatoka kama tofali la kuchoma. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa maisha yangu yote, lakini kumbe hakikuwa kiatu changu, ilikuwa ni lenzi na ukaribu. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaweka lenzi ya kuvuta mara tatu. Bado nilikuwa nimesimama.

"Cha mvunguni," akasema fundi.

"Baba, nina gauni."

"Sharti uiname."

Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, mwanamke mzima, vumbi la ngozi puani. Fundi akafungua mlango wote ili mwanga uingie kwa ubavu, akageuza jozi robo, kiatu cha kushoto mbele. Nikashusha simu mpaka katikati ya lenzi ikawa sawa na katikati ya soli.

Pale chini nikakiona. Soli ilikuwa na tabaka nne za mpira mwepesi kama wa ndala, zimeunganishwa hata gundi haionekani. Kisigino kilikuwa juu zaidi, kisha unene ulishuka taratibu kuelekea vidole, na mbele kabisa fundi ameikunja kuelekea juu, ili mguu usiopinda vizuri uviringike na kuondoka chini. Nilikuwa nimetembelea mkunjo ule kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwili wangu wote ulikuwa unauegemea kila siku na sikuwahi kuutazama, kwa sababu viatu vyangu nimevitazama kutoka juu tu, kama kila mtu anavyotazama vyake, na kutoka juu haupo. Mtu huyu alikaa kwenye kibanda hiki akafikiria jinsi hatua yangu itakavyoisha.

"Umelala usingizi?" fundi akauliza.

"Nyamaza kidogo, baba."

Nikapiga. Hiyo ndiyo ikawa picha kuu, bila mashine kuigusa zaidi ya kusafisha doa la ukutani. Ya kutandaza tukaipa kazi yake halali: ngozi iliyokatwa, tabaka nne za mpira zimepangwa kwa unene, kamba, kalibu ya mguu, vyote mezani, nami juu ya kigoda nikitazama chini digrii tisini. Kliniki wakajibu kwamba wangependa waje kukiona kibanda, na walipokuja walikaa mpaka jioni.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kubadilisha soli. Nilimkuta mama mmoja kutoka Idodi na binti yake wa miaka kama tisa, wametumwa na kliniki, picha yangu iko kwenye simu ya mama. Binti hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiatu changu cha kushoto, nilichokuwa nimekivua na kukiweka chini, akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye saruji, akakitazama kwa upande. Mama yake akamkemea kwa ajili ya gauni. Fundi akainua mkono kumzuia mama.

Alipoinuka, fundi akamwuliza soli yake aipake rangi gani. Swali hilo aliwahi kuniuliza mimi katika umri uleule, nikasema nyeusi, isionekane, na tangu hapo hakuniuliza tena.

"Nyekundu," binti akasema. "Yote."

Fundi akanitazama. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu nikiwa pekupeku mguu mmoja, nimeinama upande, na mara hiyo sikutafuta pa kujishikiza.

"Na yangu," nikamwambia.