Shingo ya Marabu

Rebecca wa Kilelengwani alikuwa na ugonjwa mmoja: akiulizwa ndege, hawezi kusema sijui. Wenzake wanaumwa mgongo, yeye anaumwa jibu.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye mpunga. Tangu akiwa msichana kazi yake ilikuwa kupanda juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, kushika teo la kamba, na kuwarushia udongo kwelea wanaokuja kula jasho la watu. Mtu akiwarushia ndege udongo miaka yote hiyo, ataacha kuwajua? Atakuwa anawajua kuliko wakwe zake. Halafu wakaja watu wa kuhesabu ndege wa delta, wakamchukua awe mwenzao. Mpiga picha mmoja kati yao akamfundisha jambo lililomwingia kama chumvi: ndege akiwa juu na jua liko nyuma yake, rangi haipo tena. Mweupe mweusi, mwekundu mweusi. Kinachobaki ni umbo. Basi tazama shingo, tazama mabawa, tazama mkia, tazama kama miguu imechomoza nyuma.

Alipewa manne, Rebecca akabakisha moja. Shingo. Nayo aliitangaza mpaka kanisani.

"Shingo imekunjwa, ni kongoti au yangeyange," alikuwa akisema. "Shingo imenyooka kama mtu anachungulia dirisha la jirani, hao ni korongo na kwarara. Basi. Mengine ni mapambo."

Watu wakawa wanamtumia picha kwa simu. Nyingi ni vidoa vyeusi tu, utadhani nzi kamwagikiwa wino. Anajibu zote. Mara nyingi anapata, na akikosa hakuna wa kumwambia, kwa sababu ndege harudi kulalamika.

Sasa mwaka huu mpunga umeanza kuinama, Rebecca yuko juu ya dungu na wifi yake Rachael, kila mmoja na teo lake. Simu ikaita. Hiribae, yule mfugaji Morma anayemletea maziwa, baba yake Ifrah.

"Mama Job, uko hai?"

"Niko hai, Baba Ifrah. Ng'ombe zako wakikaa mbali na mpunga wangu nitaendelea kuwa hai."

"Wacha maneno leo. Mwekundu wangu amepotea. Ile ya pembe iliyoinama. Ana mimba, siku zake zimefika."

Rebecca akashusha teo. Ng'ombe huyo alimjua. Nyumba nzima ya Hiribae ilikuwa inakunywa kwake, na chai ya Rebecca pia, ukisema ukweli. Na ng'ombe akitaka kuzaa hujitenga, huingia vichakani peke yake kama mwenye siri.

"Nyayo ziko nyingi zinaenda upande wa mto," Hiribae akasema, "lakini ni za ng'ombe za watu wote. Na huku upande wa pili, mbali, naona ndege wanazunguka juu ya miti. Jua linanichoma macho. Nimekutumia picha tatu. Kama ni ndege wa maji, si habari yangu, nafuata nyayo. Kama ni wale wa mizoga..." Hakumaliza. "Kwenda pande zote mbili siwezi, jua litaniacha. Na fisi hawangoji asubuhi."

Rebecca akajifunika kanga kichwani pamoja na simu ili kioo kionekane. Picha ya kwanza: ndege mkubwa, mweusi tii, miguu imechomoza nyuma ya mkia. Na shingo? Imekunjwa. Imerudishwa mabegani kabisa.

"Kongoti!" akapiga kelele toka ndani ya kanga. "Shingo imekunjwa. Hao wana bwawa lao huko. Fuata nyayo, Baba Ifrah, ng'ombe wako mzima."

"Mungu akubariki." Akakata.

Rachael akarusha udongo wake, kwelea wakainuka, wakatua pale pale. "Wifi, umezitazama zote tatu?"

"Ya nini? Shingo ni shingo."

"Nauliza tu. Kongoti ninaowaona mimi wanapita na safari zao. Wa kuzungukazunguka sijamwona."

Rebecca hakupenda. Lakini akarudi ndani ya kanga, eti anaangalia saa. Akaikuza picha kwa vidole viwili, ya pili, ya tatu.

Kongoti akiruka, mabawa yake yamepinda kama upinde, anapiga polepole, juu, chini. Huyu kwenye picha zote tatu mabawa yamenyooka kama ubao, hayajapinda hata kidogo. Na nchani manyoya yameachana kama vidole vya mtu anayesukuma mlango. Mdomo nao si mkuki wa kongoti, ni mnene kama mpini wa jembe. Pembeni yake wapo wengine wadogo kidogo, hawana miguu inayochomoza, shingo haionekani kabisa, mkia mfupi. Tumbusi.

Na huyu mkubwa ni marabu. Yule yule mzee mwenye mfuko shingoni anayesimama machinjioni Garsen kama anadai urithi. Ukoo wake wote, korongo wote, wanaruka shingo mbele. Yeye peke yake alikataa mila, akaikunja kama kongoti. Mpiga picha alikuwa amemwambia. Siku hiyo Rebecca alikuwa anasubiri chai.

"Eeh?" Rachael akauliza. "Saa ngapi?"

"Saa ya kuaibika," Rebecca akasema, akapiga simu.

Hiribae hakushika. Akapiga tena. Mwisho akapatikana, anahema.

"Baba Ifrah, rudi. Nimekosea. Si kongoti, ni marabu, na tumbusi wako naye."

Hatua za Hiribae zikasikika zikisimama.

"Umesema mzima."

"Niliona shingo, nikaacha mabawa. Nisamehe. Nenda kwenye ndege."

"Basi amekufa," Hiribae akasema.

Hapo ugonjwa wa Rebecca ukampanda hadi kooni. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza, jambo ambalo Rachael anasema hajaliona tena mpaka leo.

"Hilo picha haisemi," akajibu. "Picha inasema ni nani wako juu. Chini kuna nini, sijui. Nenda."

Hiribae akageuka, akaenda na kisu, angalau apate ngozi. Kwelea walikula vizuri alasiri ile, maana Rebecca hakurusha udongo wa maana. Macho kwenye simu. Rachael alirusha kwa niaba ya ukoo.

Jua likiwa limeanza kulainika, ikaingia picha. Haina salamu. Kitu cheusi, jua nyuma yake, kimesimama kwenye nyasi. Chini yake maandishi: Mama Job, hii ni ndege gani?

Rebecca akajifunika kanga. Safari hii akaanza nyuma. Mkia: mrefu, mwembamba, umelowa. Mabawa: hakuna, ila masikio mawili yameinama. Miguu: minne, hakuna hata mmoja ulionyooka sawasawa. Nyuma yake tumbo kubwa la ng'ombe, na pembe iliyoinama. Pembeni zaidi marabu watatu wamejipanga, wanasubiri kondo la nyuma lidondoke.

Akapiga simu.

"Huyo sijui," akasema. "Mlete karibu nimtazame shingo."

"Nitamleta akiweza kutembea," Hiribae akasema, na kicheko kikamtoka. "Sasa namfukuzia wazee wako hawa. Hawaondoki."

"Warushie udongo," Rebecca akamwambia, akaokota teo lake.