Barua Pepe ya Kazi za Leo

Kaka yangu ni karani wa masijala, na tangu ajue kompyuta hatupumui. Maisha yake yote kayaweka kwenye shiti, jedwali la kompyuta: safu ya kazi, safu ya tarehe, safu ya kama imekwisha. Akaiandikia skripti, kijiprogramu chake, akaitegesha ijiendeshe kila siku kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, iokote mistari yenye tarehe ya leo na kumtumia kwa barua pepe. "Mimi na kusahau basi," anatamba kila tukikaa kula. Kichefuchefu kitupu!

Jumanne ile Mama alikuwa na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshazimika, la kushoto linafuata, na daktari mpasuaji huja kila baada ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa zamu duka la dawa, kwa hiyo wiki mbili kabla nilimwandikia kaka ampeleke: "Jumanne tarehe 14, saa mbili, Mama hospitali." Akanijibu kwa kidole gumba.

Nilirudi saa tisa alasiri. Mama yuko sebuleni, kavaa gauni la kutokea, mkoba mapajani, hajala tangu jana kama alivyoagizwa.

"Mama, hamkwenda?"

"Kaka yako hajaja, mwanangu. Sikutaka kumsumbua, si ana mashine ya kumkumbusha?"

Nilimpigia simu. Akaja na kompyuta kwapani! Hata shikamoo hakutoa, akaifungua mezani.

"Barua ya asubuhi hii hapa: Leo huna kazi. Pumzika." Akapekua weee, kisha akacheka. Akacheka, jamani! "Nimeliona tatizo. Nilinakili ujumbe wako ulivyo, nikabandika "Jumanne tarehe 14" kwenye safu ya tarehe. Tazama, tarehe zote zimeegemea kulia, hii imeegemea kushoto. Kwa shiti hayo ni maneno tu, siyo tarehe, ndiyo maana skripti imeuruka mstari. Ungeniandikia vizuri, dada."

Yaani kosa langu! Matusi yalinijaa mdomoni, nikayameza kwa heshima ya Mama.

Akaichapa tarehe upya, akaiendesha skripti kwa mkono. Simu yake ikalia. "Umeona? Inafanya kazi!" Uso unang'aa, mtu mzima na ndevu zake. Nilitamani nimtoe nje kwa ukosi.

"Nisomee, baba," Mama akasema.

"Leo una kazi moja: Mama hospitali."

"Miezi mitatu mingine," Mama akasema. "Sijui kama hili la kushoto litafika. Sogea basi, nikutazame vizuri."

Akasogea, kompyuta kaikumbatia kifuani.