Mkono Uliokataa Kuguswa

Bi Plasta hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka kumi na tisa alifunga watu plasta katika kile chumba kidogo mwisho wa ukumbi wa wagonjwa wa nje, na kiti chake kilikuwa cha kuwekea mikoba ya wengine. Jina hilo walimpa wagonjwa, likamganda hadi wakubwa wa hospitali wakalizoea.

Jumanne moja asubuhi aliteleza kwenye maji ya ndoo yake mwenyewe, ile ya kuloweshea bandeji. Akajikinga kwa kiganja cha kulia. Alisikia mlio kabla ya maumivu, na kwa kuwa aliujua vizuri akatamka kwa sauti, "Kifundo hicho kimekwenda."

Picha ya eksirei ilithibitisha maneno yake. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kifundo cha mkono, lakini haukuhitaji upasuaji. Mwenzake wa zamu alimfunga huku yeye akimkaripia: hapa legeza, hapa usikunje, vidole viache wazi. Daktari wa mifupa akamwandikia dawa za maumivu na vidonge vya vitamini C vya miligramu mia tano, kimoja kila siku kwa siku hamsini.

"Hizo si peremende za watoto, daktari?"

"Meza tu. Na vidole uvichezeshe kila saa."

Alimeza kwa siku sita, kisha kichupa kikahamia nyuma ya birika. Na vidole? Vilimuuma akivichezesha, kwa hiyo akaviacha vipumzike, jambo ambalo asingemruhusu mgonjwa wake hata mmoja.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi na Bi Plasta na mumewe tangu awe mjane, ndiye aliyeanza kuona mambo. "Wifi, mbona unatembea na huo mkono kama umebeba mtoto mchanga?"

"Unawaka."

"Mfupa haujaunga, lazima uume."

"Huu si uchungu wa mfupa. Naujua wa mfupa. Huu ni kama mtu ananimwagia uji wa moto, halafu hamalizi kumwaga."

Alirudi hospitali. Plasta ikapasuliwa kwa urefu, wakaangalia kama imembana. Haikuwa imembana; damu ilifika hadi kwenye kucha. Wakamfunga upya. Alipofika nyumbani akazunguka meza, akazunguka ua, akarudi mezani. Akilala, shuka likigusa ncha za vidole aliruka. Akikaa, mguu ulimtikisika. Mumewe aliacha kufunga mlango kwa nguvu kwa sababu hata kishindo kilimwingia mkononi.

Wiki ya sita plasta ilitolewa. Mkono ulikuwa umevimba, mwekundu unaoelekea zambarau, unang'aa na kulowa jasho wakati ule wa kushoto ulikuwa mkavu. Kucha zilikuwa ndefu kuliko za upande wa pili. Vidole vilikataa kukunja ngumi. Wakapima damu wakitafuta usaha wa ndani, hakuna. Picha ikaonyesha mfupa umeunga vizuri.

"Basi umepona," alisema tabibu mmoja kijana, kwa nia njema.

Bi Plasta mwenyewe aliwahi kulisema neno hilo. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mpishi wa shule, aliyerudi mara nne akilia kuwa mkono unaungua, na mara ya nne Bi Plasta alimwambia aache kudeka. Hakurudi tena. Sasa aibu ya maneno yale ikawa moto wa pili.

Daktari wa mifupa alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole mwenye sauti ya chini, wa umri wa kuweza kuwa binti yake.

"Shikamoo mama. Leo sitakugusa mpaka uniruhusu. Kwanza nieleze."

Akaeleza. Yule dada aliandika katika mafungu manne: hisia, yaani kuumia kwa kitu kisichopaswa kuumiza; rangi na joto la ngozi; uvimbe na jasho; na mwendo wa viungo pamoja na kucha na nywele. Malalamiko ya Bi Plasta yaliingia katika mafungu yote manne, na matatu yangetosha. Kisha akatafuta ya kujionea mwenyewe. Alipitisha pamba juu ya mkono, Bi Plasta akauvuta nyuma kabla ya kufikiri. Akalinganisha joto la mikono miwili kwa mgongo wa kiganja chake. Akapima uvimbe kwa utepe, akatazama vidole vikikataa kukunjika. Alihitaji dalili za kuonekana katika mafungu mawili. Alizipata katika manne.

"Maumivu yamezidi jeraha, yanaendelea, na hatujapata ugonjwa mwingine unaoyaeleza vizuri zaidi. Kipimo cha damu cha kuthibitisha hakipo, mama. Ni ugonjwa wa maumivu sugu ya kiungo baada ya jeraha, nao hutambuliwa kwa dalili hizi tu. Neva na ubongo vinaendelea kupiga king'ora wakati moto umeshazimwa. Si deko."

Bi Plasta alilia hapo hapo, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Jioni ile alikitoa kichupa nyuma ya birika, na kesho yake akakiweka mbele ya daktari. "Niambie kweli. Ningevimaliza vidonge hivi, nisingepata ugonjwa huu?"

"Sijui," daktari alisema. "Tafiti nyingine zinasema vinapunguza hatari, nyingine hazioni tofauti. Naviandika kwa sababu ni rahisi na kwa watu wengi havina madhara. Kwa sasa havitakutibu. Usijichape navyo."

Hakuridhika na jibu, ila alilichukua. Akapewa pia dawa ya uvimbe ya muda mfupi, na kidonge cha neva cha kumeza usiku.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kumtia wazimu mtu kama yeye. Wiki za kwanza ilikuwa kutazama picha za mikono na kusema huu wa kulia, huu wa kushoto. Halafu kuwaza mkono ukifungua mlango, bila kuusogeza. Halafu kioo: mkono mgonjwa nyuma yake, mzima mbele, anaukunja wa kushoto huku akiona kwenye kioo kama ni wa kulia unaokunjika.

"Mnanichezesha karata na mazingaombwe," alifoka.

"Ubongo ndio mgonjwa wetu, mama. Tunaubembeleza."

Nyumbani aligusisha mkono pamba, kisha kitambaa laini, kisha taulo, kisha akauzamisha kwenye beseni la maharage makavu. Aliambiwa pia asugue ubao kwa brashi, akiegemea kidogo, dakika tatu, mara tatu kwa siku. Siku moja aliamka mwepesi. Akasugua ubao, akasugua jikoni, akasugua veranda nzima. Wifi alimkuta amepiga magoti.

"Wewe! Nani kakutuma?"

"Niache, leo nimepona."

Kwa siku nne mkono ulivimba kama mkate. Yule dada hakumgombeza. Alimwekea saa ya kengele mezani. "Siku mbaya dakika tatu. Siku nzuri dakika tatu. Wiki ijayo nne. Kuuacha kabisa kunauharibu, na kuuparamia kunauharibu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko maumivu: kengele ilie, naye aweke brashi chini. Alizoea kwa manung'uniko. Mwezi wa tano wa mazoezi aliweza kufunga vifungo vya blauzi. Mwezi wa nane aliukunja mkono mpaka kidole cha kati kikagusa kiganja, akapita nyumba nzima akimwonyesha kila mtu, hata mgeni wa mumewe.

Alirudi kazini mwaka ulipokaribia kwisha. Mkono haukuwa wa zamani. Baridi ikianza ulimuuma, na plasta ya paja, iliyo nzito, aliwaachia wenzake. Lakini kila aliyefungwa kifundo alipigiwa simu kabla wiki haijaisha: maumivu ni namba ngapi kati ya sifuri na kumi? Aliyesema tano au zaidi aliitwa arudi, bila kungojea plasta itolewe.

Alimtafuta pia yule mpishi. Daftari la zamani lilikuwa na namba. Sauti iliyojibu ilikuwa kavu.

"Mimi ni wa chumba cha plasta," alisema, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. "Nilikukosea. Mkono bado unauma?"

"Unauma," mwanamke alisema. "Miaka mitatu sasa."

"Siwezi kukuahidi kuwa utapona. Lakini kuna dada hapa anajua kuusikiliza. Njoo Alhamisi, nitakuwa mlangoni."

Mpishi aliuliza tu aje saa ngapi.