Zamu ya Mina

Habiba wa Fukayosi alikuwa akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori kwa zamu na wifi yake, Mina. Mmoja akikesha, mwingine alilala. Msimu uliopita Mina aliugua wiki tatu, Habiba akakesha peke yake na kulala mchana kwa vipande vipande. Ndipo lilipoanza jambo lile. Alifumbua macho, akayaona mabati ya nyumba yake, lakini mkono haukunyanyuka, sauti haikutoka, na Mina alikuwa amemkalia kifuani.

Hakuuliza mtu. Alimwita wifi yake mchawi mbele ya majirani. Mina akafungasha vitu vyake, akahamia Ubena. Habiba akabaki analinda peke yake, na jinamizi sasa likawa halikosi wiki.

Juzi tabibu wa zahanati alimweleza.

"Ukiota, mwili hulegea wote ili usijirushe usingizini. Usingizi ukivurugika, unaweza kuamka mwili ungali umelegea, na ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Ukamwona hata uliyekuwa unamuwaza. Pata usingizi wa kutosha, kwa saa zilezile, na usilale chali. Itapungua. Huna wa kupokezana naye, mama?"

Habiba alimpigia Mina mara nne. Simu iliita tu.

Mchana ule alilala kwa ubavu. Alipoamka, mwili ulikataa tena, na Mina alikuwa pale, amemlemea kama siku zote. Moyoni, Habiba alimwomba asiondoke.