Nukta ya Thoya

Kadzo alikuwa karani wa mizani ya malori huko Changamwe, na kwa miaka sita ndiye aliyeandika daftari la timu ya kriketi ya Chaani. Halipwi, hapigiwi makofi, lakini mbio hata moja haikumpotea.

Mwaka jana kijana mmoja wa timu, Thoya, alikuja na simu yake ya kupigia hesabu kila kitu. Kadzo alimwambia mbele ya watu kwamba nukta ya ova anaisoma vibaya. Thoya akacheka: "Mashine haikosei, dada. Wewe kapime malori." Timu nzima ikaangua kicheko, daftari akapewa Thoya. Chengo, mdogo wake Kadzo wa tumbo moja, alikuwepo. Aliinama akafunga kamba za viatu. Kwa hilo Kadzo hakumsamehe mtu, hata Chengo.

Ila walisahau kumtoa kwenye kundi la WhatsApp.

Jumapili ile Chaani walikuwa wakicheza na Mkomani, wakitafuta mbio 152 katika ova ishirini ili waipite 151 ya wapinzani. Kadzo alikuwa nyumbani akipiga pasi sare yake ya kazini, simu ikalia. Thoya alikuwa ametuma skrinishoti ya ubao wa alama: mbio 84, ova 11.3. Chini yake akaandika: "Tunakwenda 7.43 kwa ova. Zimebaki ova 8.7, tunahitaji 7.82 tu."

Nahodha Musyoka akajibu upesi: "Safi. Wapigaji wasijihatarishe, saba nane zatosha."

Kadzo akaiweka pasi kando. Ova ni mipira sita, 11.3 ni ova kumi na moja na mipira mitatu, basi, wala si sehemu tatu za kumi. Kumi na moja mara sita, sitini na sita, na mitatu, sitini na tisa. Kati ya mipira 120 imebaki 51, yaani ova nane na nusu. Mbio 68 kwa ova nane na nusu ni nane kamili kila ova. Na mwendo wao wenyewe ni 7.30, si 7.43.

Akaandika yote hayo. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akajisemea, akafuta neno baada ya neno, na moyo wake ukajaa raha ambayo hakuionea haya hata kidogo.

Wakacheza kwa hesabu ya Thoya, wakigusagusa mpira. Kufika ova ya mwisho walihitaji mbio kumi, wakapata nane. Mia na hamsini. Wakashindwa kwa mbio moja, na aliyeshika gongo la kupigia mpira wa mwisho alikuwa Chengo.

Ndipo Kadzo akatuma hesabu yake kwenye kundi, mstari kwa mstari.

Magharibi Chengo aliingia na vumbi lake, macho mekundu, simu mkononi.

"Dada, ulikuwa kwenye kundi, kosa uliliona mapema. Mbona hukusema?"

Kadzo aliendelea kukunja sare.

"Nilisema mwaka jana. Wewe ulikuwa ukifunga viatu."