Barua ya Mwalimu Yunisi kwa Daktari Castory

Jua linachomoza juu ya Katonga, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, na Yunisi amekwisha inama. Anatandaza dagaa juu ya chanja, anawatenganisha kwa vidole wasishikamane, anafukuza kunguru kwa ncha ya kanga. Wateja wanamwita Mama Dagaa. Waumini wa kanisa lake kule Bangwe wanamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye anayefundisha darasa la ubatizo.

Jina la tatu, mwanachuo, halijamkaa vizuri. Ana miaka arobaini na sita na anasoma shahada ya uzamili ya elimu ya dini kwa masafa. Vitabu anavisoma hapa hapa, samaki wakikauka.

"Nikianza na kitabu, jua linanipita. Nikianza na dagaa, kitabu kinanuka," anasema, na kucheka kidogo. Siku hizi hacheki sana.

Tasnifu yake ilikuwa imekwisha shika njia. Ilihusu fundisho la hali ya wafu katika vitabu vya katekisimu: kwamba aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu, na walio hai hawawezi kumtumia salamu wala kupokea chochote kutoka kwake. Pendekezo la utafiti alilitetea mbele ya kamati likapita. Sura ya pili alikuwa ameimaliza. Kilichomrudisha nyuma si kitabu, ni mama mmoja jirani, mwanafunzi wake wa darasa la ubatizo.

Mama huyo ni Honorata. Mwanawe, Feliksi, alikuwa mvuvi katika mtumbwi wa Mzee Hamdani wa Ujiji. Dhoruba iliwakuta ziwani, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Maiti haikupatikana, kwa hiyo hapakuwa na mazishi.

Wavuvi wa mtumbwi ule, Waislamu kwa Wakristo, wana desturi yao. Mwenzao akimezwa na ziwa, fungu lake halikatwi. Kila wakirudi na samaki wanampelekea mama yake katika beseni lake marehemu na kusema, "Feliksi amekuletea kitoweo." Mama hujibu, "Mwambieni nimepokea." Huendelea hivyo hadi mwezi uandame mara tatu. Siku ya mwisho mama huosha beseni, hulirudisha tupu mtumbwini, na hapo ndipo hulia kilio cha mazishi.

Honorata alipokea kwa mwezi mmoja na siku kadhaa. Kisha habari zikamfikia Mwalimu Yunisi.

"Nilimsimamisha darasani, mbele ya watu wote," Yunisi anasema, macho kwenye chanja. "Nikamwambia, mama, wafu hawaleti samaki. Nikamsomea na ukurasa wa katekisimu. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeunukuu jana yake kwenye sura ya pili, kwa hiyo ulikuwa bado wa moto kichwani."

Honorata hakubisha. Asubuhi iliyofuata vijana walipofika na beseni, aliwaambia kwa sauti ya chini wasije tena. Wakaondoka nalo. Hakuliosha, hakulirudisha, hakulia. Hata kanisani akaacha kwenda.

Yunisi alikaa na jambo hilo moyoni kama mfupa kooni. Alisoma tena sura yake akaona kila sentensi ni sahihi, na hakuna hata moja inayomjua Honorata. Akaandika barua kwa msimamizi wake, Daktari Castory, juu ikiwa imeandikwa: Yah: Ombi la kubadili mwelekeo wa tasnifu.

Barua yenyewe ameturuhusu kuinukuu. "Mheshimiwa Daktari," inasema, "naomba kuacha kuuliza kanisa linafundisha nini kuhusu wafu, niulize familia za wavuvi wa Katonga zinaishije na wafu wao wasio na makaburi. Sababu ya kwanza ni ya kitaaluma: katekisimu zote nilizosoma zinadhani maiti ipo. Hapa haipo, na watu wametunga namna ya kuaga. Hiyo nayo ni dini, wala hakuna aliyeiandika vitabuni."

Akaeleza kwamba swali likibadilika, mbinu nazo hubadilika: badala ya kuchambua maandiko, atakaa na watu, atashiriki kazi zao na kuwahoji kwa ridhaa. Aliomba sura ya pili isitupwe bali iwe usuli. Kisha ikaja aya ambayo, kwa maelezo yake, aliiandika na kuifuta mara nyingi.

"Sababu ya pili si ya kitaaluma. Nilitumia fundisho kumnyamazisha mama aliyefiwa. Sitaki kumaliza tasnifu ambayo ingenipa haki kwa tendo hilo."

Kuiandika ilikuwa rahisi kuliko kuituma. Daktari Castory ni mtu aliyemsaidia toka mwanzo, na Yunisi aliona aibu kumwambia kazi waliyoijenga pamoja anataka kuibomoa. Aliikalia barua muhula mzima. Miandamo mitatu ikapita. Hata kama Honorata angetaka kuendelea, wakati wa desturi ulikuwa umekwisha.

"Hapo ndipo naumia," anasema. "Ningeituma mapema ningekuwa nimekwisha kubali kosa, ningeenda kumwambia, mama, pokea. Nilingoja nipate maneno mazuri."

Barua ilipomfikia hatimaye, Daktari Castory alimpigia simu. Hakukasirika, jambo lililomuumiza Yunisi zaidi. Alimwambia atamuunga mkono, ila pendekezo jipya lazima lirudi kwenye kamati, kibali cha maadili kiombwe upya, na barua za kuingia mkoani, halmashauri na kata zifuatwe. Mwaka mmoja utapotea.

"Na usiyaone mafundisho kuwa adui," akaongeza. "Watu wanaishi wakijibizana nayo. Ukiyaacha nje, hutamwelewa hata huyo mama."

Lakini alikuwa na masharti mawili. Aliyoyaona kabla ya kibali hawezi kuyatumia kama data. Yanabaki sababu ya kuuliza tu. La pili, asiende kumwomba Honorata ridhaa yeye mwenyewe. "Wewe ni mwalimu wake na ulimkemea. Akikubali, utajuaje kama hakuogopa?" Atumwe mtu wa nje ya kanisa.

Kibali kilipotoka alitumwa Agnesi, mwanachuo mwenzake anayeishi Mwandiga. Alimsomea Honorata fomu ya ridhaa neno kwa neno, pamoja na mahali panaposema mtu anaweza kukataa bila kutoa sababu. Honorata akauliza kama ni kweli anaweza kukataa. Akaambiwa ndiyo. Akakataa.

Mwandishi wa makala haya alimkuta nyumbani kwake akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na Mwalimu?"

Alipojibiwa kuwa ni gazeti, na kwamba bila idhini yake hakuna litakaloandikwa, aliokota punje iliyooza akaitupa kando.

"Andika," akasema. "Andika na jina langu, na la mwanangu. Siku ananikemea watu walisikia. Na leo wasikie kwamba aliniomba nami nikakataa. Lakini la Feliksi lisiingie kwenye kitabu chake cha shule. Alinikatiza nikimuaga mtoto wangu. Sasa aandike nini, wakati mimi sikumaliza?"

Yunisi alipopelekewa maneno hayo aliketi kwenye ukingo wa chanja, akafunika uso kwa kanga. Alilia bila kujificha, wauza samaki wakimwangalia.

Utafiti utaendelea. Familia nyingine nne zimekubali kuzungumza naye, naye anatarajia kuwasilisha tasnifu mwakani. Jina la Honorata halitakuwemo, wala mtumbwi wa Mzee Hamdani.

Kuna jambo moja zaidi. Amemwomba mchungaji nafasi ya kusimama mbele ya darasa lile lile la ubatizo Jumapili ijayo, aseme kwamba alimkosea mama yule na amwombe msamaha. Honorata amepelekewa taarifa. Hajasema kama atafika.

"Asipokuja nitasema hivyo hivyo," anasema Yunisi, akiinuka kugeuza dagaa. "Na hilo sitaliandika popote."